Uzi Ukifungwa, Nani Anabaki na Sauti?

*Hotuba kwa watunzaji wa miradi ya chanzo huria, imeandikwa upya kutoka kwenye maelezo ya mzungumzaji*

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za mchana. Nimepewa dakika ishirini, nami nitazitumia karibu zote kwenye uzi mmoja tu, kwa sababu nimeona kwamba tukizungumzia maadili kwa ujumla kila mtu anakubaliana na kila mtu, halafu usiku ule uzi unapowaka hakuna anayejua aanze na nini. Wahusika wawili wa uzi huu wameniruhusu niusimulie. Majina yao na jina la mradi nimeyaacha.

Mradi ni maktaba ndogo ya kubadili saa na siku za Kiswahili ziwe tarehe ambazo kompyuta inazielewa. Ukiipa "saa mbili asubuhi" inakurudishia 08:00. Ni kazi inayoonekana nyepesi mpaka ufike kwenye maneno "usiku wa Ijumaa". Kijana mmoja wa pwani, mgeni kwenye mradi, alileta ombi la kuunganisha, yaani kile kinachosomeka kwenye skrini kama `pull request`, namba 412. Alisema maktaba inakosea: nyumbani kwao, usiku wa Ijumaa saa tatu ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa hiyo kwenye kalenda ya ukutani bado ni Alhamisi. Siku kwao inaanza jua likizama. Alibadili msimbo kufuatana na hilo, na mabadiliko yake yakavunja majaribio matatu yaliyokuwepo.

Mtunzaji wetu mkongwe, mtu aliyeandika karibu nusu ya maktaba ile, akajibu kwa mstari mmoja: "Umewahi hata kuusoma msimbo huu kabla ya kuugusa?"

Tusimame hapo kidogo. Kwenye sentensi hiyo hakuna tusi. Ukimwuliza mwandishi atakwambia ameuliza swali tu. Lakini sote tunajua Kiswahili, na tunajua neno "hata" limefanya kazi gani pale. Bila "hata", ni swali la mtu anayetaka kujua. Kwa "hata", ni hukumu iliyovaa alama ya kuuliza. Na mtu aliyeambiwa vile hana jibu la kistaarabu la kutoa: akisema ndiyo, ataonekana mwongo au mjinga, akisema hapana, amejikaanga mwenyewe.

Ana kwa ana tuna mambo mengi ya kulainisha maneno. Kuna shikamoo, kuna pole na kazi, kuna samahani nikuulize, kuna uso wa mtu. Tukiandika mapitio ya msimbo tunayavua yote hayo, tunabaki na amri tupu: "ondoa hii", "rudia", "soma maelekezo". Kwa Kiswahili amri tupu inauma kuliko waandishi wake wanavyodhani. "Naomba uondoe mstari huu, unarudia ule wa 88" imezidi kwa herufi chache tu, na inabeba sababu ndani yake. Nikipitia kazi za watu hilo ndilo ninalolitazama kwanza: je, maneno yanaelekezwa kwenye mstari wa msimbo, au kwa mtu?

Nirudi kwenye uzi. Kijana alijibu kwa hasira. Mwingine akaingia kumtetea mtunzaji, mwingine akaingia kumtetea kijana, na ndani ya saa mbili maoni yakafika 31. Kwenye la 26 kijana akaandika: "Nyinyi watu wa bara Kiswahili mmekiazima, halafu mnataka kutufundisha wenyewe." Hapo uzi ukageuka. Haukuwa tena ugomvi wa majaribio matatu. Ulikuwa ugomvi wa nani ana haki ya kuisemea lugha kwa sababu ya alikozaliwa.

Mimi niliamka na arifa saa nne na nusu usiku. Arifa ilinionyesha maoni ya 31 peke yake, nayo yalikuwa makali. Huo ndio mtego wa kwanza: msimamizi huanza kusoma mwishoni, na mwishoni daima anaonekana mkosaji yule aliyechelewa kukasirika. Nikafunga simu, nikafungua kompyuta, nikasoma kuanzia maelezo ya ombi lenyewe mpaka chini. Ilinichukua kama robo saa. Katika kusoma niliweka kumbukumbu ya kiungo cha kila maoni yaliyonisumbua pamoja na picha ya skrini, kwa sababu GitHub inamruhusu mwandishi kuhariri au kufuta alichoandika, na kesho yake tungekuwa tunabishana kuhusu maneno yasiyoonekana tena. Mimi mwenyewe sikufuta chochote. Maoni yakishaandikwa yameshatoka kwa barua pepe kwa kila anayefuatilia mradi. Ukiyafuta unamficha asiyeyaona tu, na unaacha waliokwisha kuyasoma wakisema ushahidi umepotezwa. Maoni ya 26 niliyaficha kwa sababu ya matusi. Kuyaficha kunayakunja, anayetaka kuyasoma anabofya.

Kisha nikataka kufunga uzi. Amri yenyewe ni hii:

```
gh pr lock 412 --reason too_heated
```

Sababu ziko nne tu: `off_topic`, `too_heated`, `resolved` na `spam`. Hii ya pili ndiyo yetu. Lakini kabla hujaipiga, naomba mjue inafanya nini hasa, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wema wanapodhulumu wenzao bila kukusudia. Kufunga uzi kwenye GitHub hakuwanyamazishi wote. Kunawanyamazisha wasio na ruhusa ya kuandika kwenye hazina. Watunzaji wanaendelea kuandika kama kawaida. Kwa maneno mengine, ukigeuza ufunguo ule katika ugomvi wa mgeni na mtunzaji, umemziba mdomo mgeni na kumwachia mtunzaji kipaza sauti.

Na ndivyo ilivyokuwa kwetu. Dakika sita baada ya kufunga, mtunzaji wetu aliweka maoni ya 33: aya tatu za kueleza kwa nini majaribio yake yalikuwa sahihi tangu mwanzo. Zilikuwa za kiufundi na za adabu kabisa. Kijana alizipata kwa barua pepe, akaja kujibu, akakuta mlango umefungwa. Baadaye aliniambia kwamba lile la "hata" lilimkera, lakini lililomwumiza ni hizo aya tatu za adabu alizozisoma akiwa nje.

Kosa lilikuwa langu. Nilipaswa kumpigia mtunzaji kabla ya kufunga, nimwombe asiandike neno mpaka uzi ufunguliwe. Tangu siku ile tumeweka utaratibu: aliyefunga anaandika maoni moja kabla ya kufunga, na watunzaji wote wanahesabu kana kwamba wao pia wamefungiwa. Akisahau mmoja, maoni yake yanafichwa kama ya mtu mwingine yeyote, hata yawe mazuri kiasi gani.

Maoni hayo ya kufungia nayo yana namna yake. Yangu ya usiku ule yalisomeka hivi, na ningeyaandika vilevile leo:

"Nafunga uzi huu sasa hivi mpaka kesho kutwa, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Swali la lini usiku wa Ijumaa unaanza ni swali la kweli na halijajibiwa; litafunguliwa peke yake kesho. Maoni ya 26 nimeyaficha kwa sababu yanamdharau mtu kwa anakotoka. Kamati ya maadili itaupitia uzi mzima kuanzia maoni ya kwanza. Nitawaandikia wahusika faragha usiku huu."

Mtaona sikuandika "tulieni". Sijawahi kuona mtu aliyetulia kwa kuambiwa atulie. Sikuandika pia "pande zote mbili zimekosea", ingawa ndivyo nilivyohisi, kwa sababu hiyo nayo ni hukumu, na hukumu haitolewi kabla ya kusikiliza. Nilitaja kitu kimoja nilichokifanya na sababu yake. Na niliweka saa ya kufungua. Uzi uliofungwa bila saa ya kufunguliwa umeuawa tu, na mgeni anajua hivyo.

Usiku ule nilianza na kijana, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa nje. Nilimpigia badala ya kumwandikia. Akaanza na shikamoo, nikaitikia marahaba, na baada ya hapo sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa na yule wa maoni ya 26. Sikumwuliza kwa nini aliandika vile. Nilimwuliza anieleze "usiku wa Ijumaa" unavyotumika kwao. Alizungumza dakika kumi: habari za maulidi, habari za ndoa zinazotangazwa "usiku wa Ijumaa" na wageni wa kutoka mbali wanaofika siku moja baadaye. Mwisho akasema mwenyewe, "Lile la watu wa bara, mama, lilinitoka." Nikamwambia limewafikia watu wengi ambao hawakumkosea chochote, na kamati italizungumzia. Mtunzaji nilimpigia asubuhi, nikamsomea maoni yake ya kwanza kwa sauti. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa sauti yanasikika vibaya."

Sasa nije kwenye hukumu, maana kutuliza ni nusu tu ya kazi, na ndiyo nusu nyepesi.

Mradi wetu, kama maelfu mengine, umechukua kanuni za Contributor Covenant, toleo la 2.1. Kanuni hizo zilianzishwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014, na toleo hili lina ngazi nne za hatua. Ya kwanza ni masahihisho: ujumbe wa faragha unaoeleza kosa, na pengine kuomba radhi hadharani. Ya pili ni onyo lenye masharti, kama kutowasiliana na mhusika kwa muda uliowekwa. Ya tatu ni kusimamishwa kwa muda. Ya nne ni kuondolewa kabisa.

Kamati ilikuwa ya watu wanne. Mimi nilijitoa kwenye kupiga kura, kwa kuwa mtunzaji ni rafiki yangu wa miaka mingi na mwaka uliotangulia nilimuunga mkono kwenye suala lilelile la siku. Wakabaki watatu. Mmoja wao alifungua kanuni, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi ya nne, akakuta inataja kudharau makundi ya watu. "Hii hapa," akasema. "Watu wa bara ni kundi. Maoni ya 26 yanamwondoa kabisa. Mtunzaji hakutukana mtu. Ngazi ya kwanza."

Alisoma kwa nia njema, na kama tungemfuata tungekuwa na maandishi ya kujitetea. Ila aliruka maneno yanayoanza kifungu hicho. Ngazi ya nne inazungumzia *mwenendo* wa kuvunja maadili, mambo yanayojirudia, na dharau kwa makundi imetajwa kama mfano wa mwenendo huo. Sentensi moja ya usiku mmoja, kutoka kwa mtu asiye na rekodi nyingine, haijawa mwenendo. Kwa upande wa pili, tulipoangalia maoni ya mtunzaji kwa wageni watano wa mwisho, tulimkuta ameandika "hata" ya aina ileile mara tatu. Na miezi saba kabla alikuwa amekumbushwa kwa maneno, faragha. Huo ndio uliokuwa mwenendo, mdogo mdogo, wa adabu ya juu juu, usioacha tusi la kunukuu.

Ili tusijidanganye tulifanya jambo moja ambalo nawasihi mlijaribu. Mwanakamati mmoja alinakili maoni yote kwenye faili, akaondoa majina, akaandika A na B, kisha akatengeneza nakala ya pili ambamo A ndiye mtunzaji na B ndiye mgeni, na ya tatu ambamo ni kinyume chake. Watu wawili ambao hawakuwa wameufuata uzi walipewa nakala moja moja, kila mmoja yake. Tuliwauliza: kila mtu apewe ngazi ipi? Aliyeamini kwamba maneno ya "hata" ni ya mgeni alimpa onyo. Aliyeamini ni ya mtunzaji alisema ni mapitio makali ya kawaida. Maneno ni yaleyale. Tulipoweka karatasi mbili mezani hatukuhitaji kuhubiriana kuhusu upendeleo.

Uamuzi ulikuwa huu. Kijana alipewa ngazi ya kwanza, na akaombwa kuomba radhi pale pale kwenye uzi, kwa sababu maneno yake yalisemwa hadharani. Mtunzaji alipewa ngazi ya pili: onyo la maandishi, na kwa siku 30 asipitie maombi ya wachangiaji wa mara ya kwanza. Naye aombe radhi pale pale. Kila mmoja aliandikiwa kifungu kilichotumika, maoni yaliyohusika kwa namba, hatua, tarehe ya mwisho wake, na jina la mjumbe wa kukata rufaa kwake ambaye hakuwepo kwenye kura.

Wapo walioniuliza kwa nini radhi iwe hadharani. Nitawapa mfano wa mradi mkubwa kuliko wetu. Mwezi wa Novemba 2024, kamati ya maadili ya Linux ilishughulikia maneno makali ya msanidi wa mfumo wa faili wa bcachefs kwa mwenzake. Iliomba radhi ya hadharani kwa kuwa kosa lilikuwa la hadharani. Haikupatikana, na maombi yake ya kuunganisha yakakataliwa kwa mzunguko wa toleo la 6.13. Mtu anaweza kubishana kuhusu ukali wake, na wengi walibishana. Mimi naangalia mambo mawili: hatua ilikuwa na mwisho unaojulikana, na ilimgusa mtu ambaye msimbo wake ulikuwa tayari ndani ya kiini chenyewe cha Linux. Umuhimu wa kazi yake haukumkinga.

Kinyume chake kilionekana kwenye mradi wa lugha ya programu ya Rust. Novemba 2021 timu yao nzima ya kusimamia maadili ilijiuzulu kwa mkupuo, ikaandika wazi kwamba timu kuu ya mradi ilikuwa haiwajibiki kwa yeyote ila yenyewe. Walikuwa na kanuni nzuri, na walikuwa na watu wa kuzisimamia. Kilichokosekana ni njia ya kanuni kupanda ghorofa ya juu. Kwa hiyo nikiulizwa na mradi mdogo waanzie wapi, sisemi waanze na maandishi ya kanuni. Nawauliza: mwanzilishi wenu akikosea, malalamiko yanakwenda kwenye anwani gani, na je, yeye mwenyewe anaisoma anwani hiyo? Mara nyingi jibu ni ndiyo, anaisoma yeye peke yake.

Nimalizie uzi. Jumatano nilifungua mjadala mpya wenye mistari miwili tu na hakuna jina la mtu:

```python
assert siku("usiku wa Ijumaa", saa=3) == "Alhamisi"
assert siku("usiku wa Ijumaa", saa=3) == "Ijumaa"
```

Niliandika chini yake: "Jaribio la kwanza linapita kwa wanaoanza siku magharibi. La pili linapita kwa wanaoianza saa sita usiku. Maktaba ifanye nini?" Ndani ya saa chache mtu aliyekaa kimya kwenye ugomvi mzima alipendekeza kigezo, `mwanzo_wa_siku`, kinachopokea `"magharibi"` au `"saa_sita"`. Ilikuwa mistari kumi na nne ya msimbo. Majaribio matatu ya zamani yalibaki salama, na ya kijana yakaingia.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilipiga `gh pr unlock 412`. Mtunzaji aliandika kwanza. Aliomba radhi kwa maoni yake ya kwanza, akayanukuu, hakuweka "lakini". Kijana aliandika baada ya nusu saa, akawataja watu wa bara kwa heshima, akaeleza ile habari ya ndoa na wageni waliochelewa. Mabadiliko yakaunganishwa kwenye tawi kuu kwa jina lake, pamoja na jina la yule wa kigezo.

Kijana hajaleta ombi jingine mpaka leo. Nilimpigia mwezi uliopita kumwomba ruhusa ya kusimulia haya, akanipa kwa moyo mweupe, akaniambia maktaba anaitumia kazini na inafanya kazi vizuri. Nikamwuliza kama atarudi. Akasema, "Nitaangalia, mama." Mtunzaji naye alimaliza siku zake 30, na mgeni wa kwanza aliyempitia baada ya hapo alivunja majaribio matano. Nilikwenda kusoma alichomwandikia: "Karibu. Majaribio matano yameanguka, yote kwa sababu moja iliyo kwenye mstari wa 52. Naomba uutazame, na ukikwama niite."